Mtoto alilazwa, shule ikampa sifuri mbili: Divisheni I ya pointi 12 na nafasi ya 41 kwenye ripoti moja!

MamaTunda

Wakuu, nimeshika ripoti ya binti yangu wa kidato cha tatu na mkono unatetemeka kwa hasira. Shule siitaji, maana bado anasoma pale.

Wiki ya mtihani wa nusu muhula alilazwa siku mbili kwa malaria. Karatasi ya hospitali niliipeleka mwenyewe, mwalimu wa darasa akaipokea na kusaini. Akakosa Fizikia na Kemia. Mengine saba alifanya: Hisabati 68, Baiolojia 74, Kiswahili 81, Kiingereza 72, Jiografia 70, Historia 66, Uraia 77.

Mkeka umetoka. Fizikia 0, Kemia 0. Wastani 56.4, daraja C, nafasi ya 41 kati ya 60. Na chini kabisa, mstari huohuo, wameandika Divisheni I pointi 12. Nikadhani nasoma vibaya, nikamwita baba yake naye asome.

Nimepiga simu kwa mwalimu wa taaluma, ananijibu "mama, mfumo ndivyo unavyokokotoa." Mfumo ndio uliolazwa? Sifuri ni ya mtoto aliyekaa kwenye chumba cha mtihani akakosa kila kitu. Huyu hakukaa! Nimejumlisha saba zake, ni 508. Gawa kwa saba ni 72.6, daraja B. Kwenye mkeka wa nafasi ya nne ana 71.9. Mwanangu wamemtoa nafasi ya nne wakamtupa ya 41, na tangu juzi hataki kula.

Dereva_wa_Usiku

Pole sana mama. Ila malaria mtihani ukikaribia ni uzembe, wekeni vyandarua. Na hospitali ingeandika barua ya kumruhusu afanyie wodini, huwa inawezekana.

MamaTunda

Kaka, nimeuliza habari za sifuri, wewe unaniletea chandarua.

Fundi Jedwali

Mama, hapa kosa ni dogo kuliko unavyodhani. Excel yenyewe haihesabu seli tupu. Mwambie mwalimu afute hizo 0 aache wazi, au aandike ABS, wastani utajirekebisha papo hapo. Dakika moja tu, hakuna haja ya ugomvi.

Chaki Nyeupe

Fundi umepatia nusu. Mimi ni mwalimu wa taaluma mwaka wa kumi na moja, majedwali haya nayajua kwa machungu yake. Unachosema ni kweli kama kanuni iliyowekwa ni hii ya kwanza:

```
=AVERAGE(C5:K5)
=SUM(C5:K5)/9
=(C5+D5+E5+F5+G5+H5+I5+J5+K5)/9
```

Ya kwanza inaruka seli tupu na inaruka maneno. Ya pili, hata ukiandika ABS, jumla ni 508 ileile na bado inagawanywa kwa 9, kwa hiyo ABS imegeuka sifuri kimyakimya. Ya tatu ndiyo ninayoishuku zaidi: ukiandika ABS ndani yake, mstari mzima unatoka `#VALUE!`. Mwalimu ana madarasa manane ya kuchapa usiku huo, anaona kosa, anaandika 0, kosa linapotea, anakwenda kulala. Mama, naomba usimwite mchawi. Jedwali alilikuta.

Na kuna mtego mwingine ambao hata wazazi wanaojua hesabu huwa hawauoni. Shule nyingi hupanga nafasi kwa safu ya jumla, si kwa safu ya wastani. Wakirekebisha wastani uwe 72.6 lakini nafasi ikabaki inasoma jumla, binti atabaki wa 41 akiwa na wastani wa juu. Uangalie hilo.

Ile Divisheni I si ajabu. Divisheni inachukua masomo saba bora, naye ana saba kamili: A mbili na B tano, ndizo pointi 12. Sifuri mbili hazikuguswa. Ndiyo maana ripoti inajipinga yenyewe, na hiyo ndiyo silaha yako ukienda shuleni.

MamaTunda

Asante mwalimu. Kwa hiyo nadai 72.6 na nafasi ya nne?

Chaki Nyeupe

Hapo utanichukia kidogo. Hapana.

Muhula uliopita alipata ngapi Fizikia na Kemia?

MamaTunda

Fizikia 52, Kemia 49. Ni masomo yanayomsumbua, sifichi.

Chaki Nyeupe

Basi umeona. Ukiyaondoa, umemwondolea masomo yake mawili dhaifu, wakati mtoto wa nafasi ya nne ya kwake aliyafanya. Sifuri inamwonea binti yako, na kuyaruka kunawaonea wenzake. Mwaka mmoja tuliruhusu kuruka bila masharti, muhula uliofuata wagonjwa wa siku ya Fizikia wakaongezeka kwa namna ya kutia shaka.

Kuna wanaojaza wastani wa darasa. Hiyo inamvuta chini aliye hodari na kumbeba aliye dhaifu, siipendi. Mimi huangalia mtoto huwa yuko juu au chini ya darasa kwa kiasi gani. Una wastani wa darasa kwenye mkeka?

MamaTunda

Safari hii Fizikia 39, Kemia 41. Muhula uliopita 46 na 44. Na kila somo waliokosa ni watatu, wote wamewekewa 0.

Chaki Nyeupe

Kumbe hata hizo wastani za darasa zimechafuka. 39 mara 60 ni 2340; waliofanya ni 57, kwa hiyo wastani wao halisi ni 41. Kemia vilevile inapanda hadi 43. Mwalimu wa Fizikia naye amepunguziwa alama mbili na kuongezewa F tatu ambazo hakuzifundisha, na kwenye kikao ataulizwa yeye.

Binti alikuwa juu ya darasa kwa 6 Fizikia na kwa 5 Kemia. Weka 47 na 48. Jumla 603, gawa kwa 9, ni 67.0. Bado B. Kwenye mkeka huo atakuwa wa ngapi?

MamaTunda

Wa tisa.

Fundi Jedwali

Mwalimu, lakini hiyo 47 ni ya kubuni. Mtihani mmoja wa nyuma ndio unaotoa hukumu? Labda siku ile ya 52 alibahatika.

Chaki Nyeupe

Ni kweli, ndiyo maana kwenye ripoti siiandiki kama alama. Pale naandika ABS na wastani wa masomo saba, na maelezo kwamba ni saba. Makadirio nayatumia kupanga nafasi tu. Mkuu wangu wa shule hakubaliani nami, anasema aliyekosa asipewe nafasi kabisa. Tumebishana miaka.

Bibi wa Mikorosho

Mjukuu wangu yeye Jiografia alifanya, karatasi ikapotea mezani kwa mwalimu, wakamwandikia ABS! Wenzake wote wanashuhudia alikuwepo. Huyo naye akadiriwe?

Chaki Nyeupe

Bibi, hiyo ni kesi nyingine. Ulizia fomu ya mahudhurio ya mtihani, ile waliyosaini chumbani. Saini yake ikiwepo, deni ni la shule.

Dereva_wa_Usiku

Si wampe mtihani mwingine yaishe?

Chaki Nyeupe

Uleule, wenzake wameshamsimulia maswali. Mwingine, mwalimu atunge upya kwa watoto watatu, na ugumu haulingani. Tunafanya, lakini kwa mtihani wa mwisho wa mwaka.

MamaTunda

Jumatatu naenda. Nitaomba kuona kanuni iliyo kwenye seli ya wastani, halafu niulize nafasi inasoma safu ipi. Wa tisa nakubali, baba yake bado anang'ang'ania wa nne. Wa 41 hatukubali wote wawili.