Kumwandikia mwenyekiti asambaze nafasi ya kazi: barua, meseji au wasapu?

Msimamizi_Ghala
Habari za leo wakuu. Nasimamia ghala la nafaka na tunahitaji karani mmoja. Nataka vijana wa mtaa huu huu wapate habari, kwa hiyo nitamwomba mwenyekiti anisaidie. Mwaka jana nilimpelekea barua ya kurasa mbili yenye mhuri. Ikabandikwa ubaoni ofisini, na waliokuja wote walikuwa watu waliokwenda pale kwa shida zao nyingine. Safari hii niandike barua tena, nimtumie meseji, au niweke tangazo wasapu?

Fundi_Redio
Wasapu, ndugu yangu. Barua nani anasoma siku hizi? Mtumie mwenyekiti, yeye abonyeze tu kupeleka mbele, jioni mtaa mzima unajua.

Mjumbe_Mstaafu
Fundi, umesema kweli nusu. Wasapu inafika mbali, lakini ujumbe ukishapita mikono mingi unawekewa alama ya mishale miwili, na kuanzia hapo unapelekwa sehemu moja tu kwa mara moja. Na watu wakiona ile alama wanadhani ni matapeli. Afadhali mwenyekiti anakili maneno ayabandike kama yake.

Nimepokea maombi kama haya miaka mingi, na tatizo lilikuwa lile lile: mtu anachanganya ombi na tangazo. Ananiandikia "Shikamoo mzee, naomba unisaidie", halafu kazi yenyewe iko katikati ya salamu. Nikiwapelekea wajumbe hivyo hivyo, vijana wanadhani mimi ndiye ninayeajiri. Nikitaka kuirekebisha, naiweka pembeni hadi nipate nafasi, na nafasi haipatikani.

Tuma jumbe mbili. Ya kwanza ni ya mwenyekiti peke yake:

*Shikamoo Mwenyekiti. Mimi ni msimamizi wa ghala la nafaka hapa mtaani. Tunatafuta karani mmoja na tungependa vijana wa hapa wasikie mapema. Naomba tangazo linalofuata ulipeleke kwa wajumbe wako, na lisomwe kwenye mkutano wa Jumapili. Wanaotaka kazi waje kwetu moja kwa moja, wasikusumbue. Ukitaka kujiridhisha kwanza, karibu ghalani au nipigie.*

Ya pili ni ya kusambazwa, haina salamu:

*Kazi: karani wa ghala, nafasi 1. Miaka 18+, ajue kuandika na hesabu. Usaili ghalani Jumatano tarehe 14, saa 3 asubuhi. Hakuna kulipia. Njoo mwenyewe.*

Hiyo ni herufi 149 ukihesabu na nafasi za katikati. Meseji moja ya kawaida inabeba 160, kwa hiyo hata mwenye simu ya kitochi inamfikia nzima. Ukitia kikaragosi kimoja tu, kiwango kinashuka hadi 70 na meseji inakatwa vipande vitatu.

Dogo_Mtafutaji
Wakuu, mimi nina cheti cha ukarani. Nitume wapi barua yangu ya maombi?

Msimamizi_Ghala
Dogo, hapa tunaongelea namna ya kuandika tu. Nafasi ni ya wakazi wa mtaani kwetu.

Dogo_Mtafutaji
Samahani. Ila nina neno. Kuna tangazo lilinifikia halina tarehe. Nikatembea asubuhi yote, nafika mlinzi ananiambia kazi ilijazwa zamani. Naomba tarehe isikosekane, hata ikibidi kupunguza mengine.

Bi_Stoo
Dogo kasema. Na ile "hakuna kulipia" isifutwe. Kwetu tangazo la kweli lilichukuliwa, mtu akabadilisha namba akaongeza ada ya fomu. Vijana walilipa, wakaja kumlilia mwenyekiti. Alikasirika, na hadi leo hapokei tangazo la mtu yeyote. Mimi nisingeweka namba ya simu kabisa, mahali panatosha.

Lakini Mjumbe, ile barua usiitupe. Mwenyekiti akiulizwa "hii kazi umeitoa wapi?" anahitaji karatasi mkononi. Ukurasa mmoja, mhuri, abaki nayo.

Mjumbe_Mstaafu
Bi Stoo, hapo nakubali. Barua iwe ya kumlinda yeye, meseji iwe ya kuwafikia vijana.

Fundi_Redio
Kwa nini asimwombe mwenyekiti achague watano wazuri tu? Anawajua vijana wake.

Mjumbe_Mstaafu
Anawajua, na wao wanamjua. Wa sita atasema amenyimwa kwa sababu ya ukoo. Usimtwike mzigo huo.

Bi_Stoo
Mimi siungi mkono moja kwa moja. Karani anashika funguo za ghala. Neno la mwenyekiti kuhusu tabia ya mtu lina uzito, ila aulizwe baada ya usaili, kwa wale wawili watatu waliobaki.

Msimamizi_Ghala
Nimeelewa. Barua napeleka kesho mwenyewe, jumbe mbili natuma nikiwa mbele yake ili anakili nikimwona. Kilichobaki kunisumbua ni mabinti. Mkutano wa Jumapili hujaa wanaume. Mwenye njia ya kuwafikia aniambie.

Bi_Stoo
Mwombe mwenyekiti jina la kiongozi wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Ile meseji ya pili mpelekee naye, siku ile ile.