Tupeane uzoefu: kumfundisha mtoto kibano, uma na mshikaki kwenye chesi

Kete32
Wakuu, mtoto wa miaka 9 amemaliza karatasi ya mafumbo 10 ya uma, kakosa moja tu. Mchana wa siku hiyohiyo kaliwa malkia kwa uma wa farasi ambao hata kipofu angeunusa. Kwenye karatasi anaona, ubaoni haoni. Mnaofundisha watoto wa shule, mnafanyaje? Na kati ya kibano, uma na mshikaki mnaanza na kipi?

Ngome ya Kona
Karatasi yako ina kichwa kinachosema "Uma". Hapo mtoto hatafuti kama uma upo, anatafuta uko wapi. Kwenye mchezo hakuna wa kumnong'oneza. Changanya aina zote tatu, futa kichwa, na katika kila mafumbo 10 tia matatu yasiyo na kitu, ambayo jibu lake ni "hakuna, nacheza kawaida".

bwana_sare
Hayo matatu yatamchosha bure. Wiki nzima uma tu, wiki ya pili kibano. Mtoto hajui kutambaa unamwambia akimbie.

Ngome ya Kona
Ndivyo anavyofundishwa huyo, na malkia kaliwa.

Mwl_Farasi
Msigombane, maana shida inaanzia kabla ya karatasi. Mtoto anaangalia kete anayotaka kuisogeza, haangalii zile mbili za adui zilizojipanga vibaya. Kwa hiyo mimi simwulizi "uma uko wapi?" Namwuliza maswali mawili tu, na anayajibu kwa kidole: kete zipi kubwa ziko rangi moja, na zipi ziko mstari mmoja?

Rangi ni kwa ajili ya farasi. Farasi akisimama kwenye mraba mweusi, miraba yote anayoishambulia ni myeupe, na akisimama kwenye mweupe anashambulia myeusi. Kwa hiyo mfalme na malkia wakiwa rangi tofauti, hakuna farasi duniani atakayewapiga wote kwa mruko mmoja. Wakiwa rangi moja, mtoto atafute ule mraba mmoja unaowafikia wote wawili. Mchukulie mfalme mweusi e8 na ngome a8: wote wako kwenye miraba myeupe, na mraba wenyewe ni c7, ambao ni mweusi. Ukishampa jicho hilo, farasi anayenyemelea b5 au d5 anaanza kumtia wasiwasi mapema, si baada ya kuliwa.

Mstari ni kwa ajili ya kibano na mshikaki, na hapo usifundishe vitu viwili. Ni umbo moja, tofauti ni nani yuko mbele. Weka kete nne tu: mfalme mweupe f2, ngome nyeupe h1, mfalme mweusi e5, malkia mweusi e8. Ngome ije e1. Mfalme lazima akimbie, nyuma yake malkia anabaki uchi. Huo ni mshikaki. Sasa wabadilishane, malkia e5, mfalme e8, ngome ije palepale e1. Malkia kabanwa, hawezi kutoka kwenye mstari ule.

MamaWawili
Hapo kwa mshikaki wangu walielewa mara moja. Neno lenyewe linajieleza, kijiti kinapita nyama ya kwanza kinaifikia ya pili.

bwana_sare
Kete iliyobanwa kwa mfalme imekufa, mwambie mtoto aihesabu kama haipo.

Mwl_Farasi
Hapana, mkuu, hilo ndilo linalowapotosha. Malkia aliyebanwa pale e5 hawezi kutoka mstarini, lakini kwenye mstari anateleza atakavyo. Mfalme mweupe angekuwa g2 badala ya f2, malkia angeteremka akaila ngome e1 bure. Kwenye f2 akiila, mfalme anamla. Kabla hujabana, uliza: kete yangu inayobana inalindwa na nani? Kwenye mshikaki ule swali hilo halikuwepo kabisa, kwa sababu aliye mbele ni mfalme na yuko mbali na e1.

Pauni_Mzee
Na hata ile isiyoweza kusogea kabisa haijafa. Askofu aliyebanwa kwa mfalme wake bado anatoa cheki. Mfalme wa adui haruhusiwi kukanyaga miraba anayoiangalia.

bwana_sare
Atatoaje cheki na hawezi kula?

Pauni_Mzee
Soma kifungu cha 3.9 cha sheria za FIDE. Mfalme yuko kwenye cheki hata kama kete inayomshambulia imezuiwa kusogea kwa sababu ingemwacha mfalme wake wazi.

bwana_sare
Sawa, kwa mfalme nimekubali. Ila mbele ya malkia je? Kule kibano ni kibano.

Ngome ya Kona
Kule ndiko kuna moto. Kibano kwa malkia ni ombi tu, si amri. Mtoto mmoja wa darasa la nne alicheza na mweusi, akambana farasi wa f3 kwa askofu wa g4, akakaa kwa raha kwamba farasi haendi popote. Chapeni hii wenyewe:

```
1. e4 e5 2. Nf3 d6 3. Bc4 Bg4 4. Nc3 g6
5. Nxe5 Bxd1 6. Bxf7+ Ke7 7. Nd5#
```

Farasi aliyebanwa kaondoka, mweusi kamla malkia huku anacheka, mikwaju miwili baadaye mfalme wake hana pa kwenda. Mtego wa Légal, Mfaransa aliyemfundisha Philidor. Angemla farasi kwa askari wa d6, malkia mweupe angemla askofu g4 na hasara ingekuwa askari mmoja tu.

chipukizi_e4
Duh! Hii nawafundisha wanangu leoleo. Hivi kuna ile ya kushinda kwa mikwaju minne?

Mwl_Farasi
Ndugu, mada si mitego. Na ukiwapa hii bila maelezo watajiumiza. Hatua ya nne ya mweusi ingekuwa farasi c6 badala ya g6, ule mruko wa e5 ungekuwa sadaka ya bure: farasi wa c6 anakula e5 na hapohapo anamlinda askofu wa g4. Mweupe kapoteza farasi kwa askari.

Lakini mweupe akitanguliza h3, na askofu akarudi h5, mruko wa e5 unafanya kazi tena. Farasi mweusi akila e5, malkia anamla askofu h5. Farasi akimla askofu wa c4, malkia anakwenda b5: cheki kwa mfalme e8, na jicho lingine kwa farasi c4. Uma wa malkia! Mweupe anatoka na askari mmoja zaidi. Tofauti yote ni kwamba farasi wa e5 analinda g4 ila halindi h5. Mtoto akikuonyesha hilo kwa kidole, ameelewa kibano.

chipukizi_e4
Kwa hiyo ya mikwaju minne hamna?

Ngome ya Kona
😂

MamaWawili
Mimi bado niko upande wa bwana_sare, kwanza moja moja. Kuchanganya baadaye.

Kete32
Nimejaribu zile kete nne, malkia e5, ila mfalme mweupe nikamweka g2 makusudi. Kaleta ngome e1 mbiombio, ikaliwa. Akarudisha, akafikiri, akasema "kwanza nasogeza mfalme f2, halafu nabana".

Pauni_Mzee
Halafu malkia mweusi anamsubiri kwa hiari yake? Mwulize zamu ni ya nani.