Mrejesho: vidonge vya presha vya mama

Niliuliza: "Mama anameza kizima asubuhi na nusu jioni. Nimehesabu 41, vitaisha lini?"

Wakuu, kosa lilikuwa kwenye hesabu yangu. Vizima vilikuwa 39, na viwili vingine vilikuwa nusu zilizokwisha kukatwa, zimelala chini ya kopo.

Nimegeuza vyote kuwa nusu: 78 na 2, jumla 80. Kwa siku anameza nusu 3, hivyo zinatosha siku 26 na kubaki nusu 2.

Tulianza Jumatatu asubuhi, Machi 3, nayo ndiyo siku ya 1 (mimi nilianzia kesho yake!). Siku kamili ya mwisho ni Ijumaa, Machi 28. Jumamosi anapata cha asubuhi, jioni hakuna.

Kliniki tunakwenda Alhamisi, kwa sababu kuna nusu moja imeshaanza kumeguka.