Tupeane uzoefu: nani alishapima utafutaji peke yake kabla ya kuilaumu modeli?

Fundi Seva
Jana nimemsikia jamaa analalamika modeli yake inadanganya, nikakumbuka yaliyotukuta sisi. Tulikuwa tunajenga boti la kujibu maswali ya wafanyakazi Tanzania kutoka Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mtu anauliza "mke wangu kajifungua mapacha, anapata likizo siku ngapi", boti linajibu siku 84. Sheria inasema 84, ila akizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja ni 100. Ofisi nzima wakasema modeli haijui Kiswahili, inunuliwe kubwa zaidi. Mimi nikaomba kwanza tuchapishe vile vipande vitano modeli ilivyopewa kabla ya kujibu, na kipande chenye 84 kilikuwa cha kwanza, chenye 100 hakimo kabisa kwenye vitano! Modeli ilisoma ilichopewa ikajibu hichohicho, sasa hapo kosa lake liko wapi?

Maandishi yalikuwa yanakatwa kila baada ya herufi 500 bila kujali vifungu, kwa hiyo aya (a) ikabaki na kichwa cha likizo ya uzazi, aya (b) ikaangukia kipande kinachofuata ambacho hakina kichwa wala neno "mapacha", maana sheria haitumii neno hilo. Tukakusanya maswali 60, kila moja tukaandika jibu lake liko kifungu gani, tukaipima ritriva, ile sehemu inayotafuta vipande, peke yake, modeli hata haikuwashwa. Kwa recall@5, maana yake kipande chenye jibu kimo ndani ya vitano vya juu, tukapata maswali 33 kati ya 60, yaani 0.55. Kwa recall@50 yakawa 51, yaani 0.85. Nyie mmewahi kukutana na hili?

Binti wa Makorora
Mimi hapa. Tena miezi mizima watu wanabadilisha prompti tu, "soma kwa makini", "usibuni", na kipande chenyewe hakijafika mezani.

Kaka Dataseti
Recall naijua vizuri, kwenye kazi yangu ya kutabiri wateja watakaohama mtandao tulikuwa na 0.9 lakini precision ilikuwa mbovu. Jaribuni kusawazisha madaraja mawili ya data.

Fundi Seva
Kaka hiyo ni nyingine, hapa hakuna madaraja. Tunauliza tu, katika vipande k vya juu, vile vyenye jibu vimo vingapi.

Mkubwa wa Indeksi
Fundi, umeacha nusu ya habari. Hizo namba mbili zinasema mambo mawili tofauti. Maswali 18 kipande chake kipo ndani ya 50 ila hakimo kwenye 5, hayo ni tatizo la mpangilio, ukiweka rirenka ya kupanga upya hivyo 50 mengi yake yanaweza kupanda. Maswali 9 hayapo hata kwenye 50, na hapo rirenka haisaidii kitu, haiwezi kupanga kisicholetwa. Kwa hayo 9 nenda kwenye ukataji, embedingi inayogeuza maandishi kuwa namba za kutafutia, au faili lenyewe. Kodi ya kipimo chenyewe hii hapa:

```python
def recall_at_k(vilivyoletwa, sahihi, k):
    vya_juu = set(vilivyoletwa[:k])
    return len(vya_juu & set(sahihi)) / len(sahihi)
```

Chapakazi_254
Sasa si mpeleke vipande 50 vyote kwa modeli mambo yaishe? Recall itapanda yenyewe.

Mkubwa wa Indeksi
Ndugu, recall haishuki k ikipanda, hata ritriva mbovu kabisa itafika 1 ukiipa k ya kutosha, mradi kipande kimo kwenye indeksi, kwa hiyo hiyo sio dalili ya kupona. Pima kwa k ileile unayompelekea modeli.

Chapakazi_254
Modeli za siku hizi zinameza maandishi marefu, acheni kuishi zamani. Mimi napeleka 30 na inajibu.

Mkubwa wa Indeksi
Kumeza ni jambo moja. Kuna utafiti wa 2023 ulionyesha baadhi ya modeli zinalikosa jibu likikaa katikati ya maandishi marefu. Ukipeleka 30 pima recall@30, halafu pima usahihi wa majibu pembeni, usichanganye.

Sista Wodi
Naomba mnisikilize maana hii ya kwangu ilinitisha. Hospitali moja, sitaitaja, walijaribu boti la kujibu maswali ya wauguzi kutoka kwenye mwongozo wao wa dawa, bado majaribio tu, hakuna mgonjwa aliyehusika. Muuguzi mmoja akauliza dozi ya mtoto mdogo, boti likatoa dozi ya mtu mzima, kwa sentensi nzuri zilizonyooka kama daktari bingwa anaongea. Dada yule alishtuka, akaita watu, kikao kikawa kirefu, wengine wakataka mradi ufutwe, wengine wanasema modeli ni ya kizungu haijui watoto wetu. Niliingizwa kuangalia, nikatafuta kipande chenye dozi ya watoto ndani ya 5, hakuna, ndani ya 50 hakuna, nikaenda mpaka 200 hakuna! Nikafungua faili lenyewe, sura nzima ya watoto ilikuwa kurasa zilizoskaniwa, ni picha, programu ya kusoma PDF ilitoa maandishi matupu na haikupiga kelele yoyote. Ile sura haikuwahi kuingia kwenye indeksi. Recall ya maswali ya watoto ilikuwa sifuri kwa k yoyote ile, modeli ikapewa dozi za watu wazima ikajibu kwa hizo.

Binti wa Makorora
Mungu wangu. Kumbe hilo lingeingia wodini.

Chapakazi_254
Hii ndio inafanya niogope maboti ya afya. Pole sista.

Mzee Sakosi
Mimi yangu iko kinyume. Boti la SACCOS, recall@5 nzuri kabisa, lakini linataja riba ya zamani. Tatizo nini?

Mkubwa wa Indeksi
Mzee, angalia kama una waraka wa zamani na mpya kwenye indeksi moja. Kipimo kinasema cha sahihi kimo, hakikwambii kwamba na kibovu kimo pembeni yake.

Msomi wa Usiku
Dawa ni kutafsiri kila kitu Kiingereza kabla ya kutafuta. Mimi nilifanya, ikapanda.

Fundi Seva
Inasaidia kama embedingi yako ilifunzwa Kiingereza tu, kama all-MiniLM-L6-v2. Sisi tulitumia multilingual-e5, ile inataka swali lianze na `query: ` na kipande kianze na `passage: `, ukisahau hakuna kosa linaloonekana, ubora unashuka tu. Kilichotusaidia zaidi ni kukata kwa vifungu na kurudia kichwa cha kifungu juu ya kila kipande, recall@5 ikafika 45 kati ya 60 na modeli ni ileile. Swali la mapacha sasa linajibiwa 100.

Sista Wodi
Na ukitaka kuilaumu modeli kwa haki, ipe kipande sahihi kwa mkono. Ikikosea hapo, basi ni yake.

Binti wa Makorora
Maswali yenu 60 aliandika nani? Maana kama mtu alikuwa anasoma kifungu huku anaandika swali, maneno yanafanana na namba inapanda bure.

Fundi Seva
Nusu ni ya wafanyakazi wenyewe kutoka WhatsApp, nusu aliandika mwanasheria akiwa na sheria mbele yake. Sijazitenganisha hizo namba.

Mkubwa wa Indeksi
Zitenganishe ulete. Na alama za jibu uliziweka kwa namba ya kipande au kwa maandishi? Maana ulishakata upya, namba zote zimehama.

Fundi Seva
Kwa namba ya kifungu cha sheria, kwa hiyo ziko salama. Ila kifungu kikivunjika vipande viwili, vyote nahesabu sahihi au kile chenye jibu tu?

Mkubwa wa Indeksi
Chenye jibu tu.

Chapakazi_254
Vyote. Modeli inahitaji na kichwa.