Mwenyekiti wa soko kasaini "kwa niaba ya wote", mtoto wetu kaanikwa mtandaoni. Hiyo ni ridhaa ya nani?

Fundi_Kamera_Dunda:

Wakuu, nina hasira, mtanisamehe nikipayuka.

Jumamosi jioni shemeji kanirushia linki ya video ya YouTube, eti "angalia Bagamoyo yetu". Nafungua: droni juu ya bahari, ngalawa zinaingia, muziki wa msibani, halafu mnada wa samaki pale ufukweni karibu na forodha ya zamani. Nikasema hawa vijana wanajua kazi. Dakika ya 4 na sekunde ya 12 nikaganda. Mpwa wangu, miaka 9, kachuchumaa kando ya beseni la bluu, anaparua magamba ya changu kwa kijiko. Uso wake umejaa kioo kizima, sekunde 11 nimezihesabu. Na msimulizi anasema watoto hawa hawajawahi kuonja darasa.

Mtoto kavaa sweta la shule! Nembo inasomeka hadi herufi ya mwisho! Yule alitoka shule kama kila siku, akapitia kwa bibi yake anayekaanga samaki pale, bibi akampa changu wanne wa kuparua akimsubiria chai. Leo wenzake darasani wanamwita "Hajaonja". Jana kagoma kwenda shule.

Namba ya mwenye chaneli ilikuwa chini ya video, nikampigia. Kijana ana adabu, sikatai. Ananiambia, "Kaka, sisi tuna fomu." Nikasema nitumie. Akatuma picha WhatsApp. Hapo ndipo nilipopandisha, maana mimi mwenyewe nimeshika kamera miaka kumi na moja, za harusi, za miradi, za tamasha pale TaSUBa, na karatasi hizi nimezisainisha mpaka vidole vikaota sugu.

Ni karatasi moja. Imeandikwa Kiingereza juu mpaka chini. Inasema wanaoonekana wanaruhusu picha na sauti zao zitumike dunia nzima, milele, kwa njia yoyote. Chini kuna sahihi ya mwenyekiti wa soko na maneno ya mkono: "kwa niaba ya wavuvi na wachuuzi wote". Basi. Hakuna jina la mtoto, hakuna la bibi, hata jina la video hakuna.

Sikilizeni. Alichosaini mwenyekiti ni ruhusa ya eneo. Kwamba mnaweza kuingia sokoni, kusimika stendi ya kamera, kurusha droni yenu bila kufukuzwa na mgambo. Hiyo anaweza kuitoa, soko liko chini yake. Sura ya mpwa wangu haiko chini yake. Kwa mtu anayepigwa karibu namna ile panatakiwa karatasi ya pili, ya mtu huyo peke yake, na kwa mtoto inasainiwa na mzazi au mlezi.

Na hata hiyo sahihi haitoshi kama aliyesaini hakuambiwa stori. Bibi angeulizwa "tunapiga maisha ya soko", angesema pigeni wanangu, na samaki angewapa. Angeulizwa "tutasema mjukuu wako hajui shule", angewamwagia mafuta ya moto.

Nataka video ishuke. Jamaa anasema haiwezekani, imeshapata watazamaji wengi na mfadhili ameilipia. Nifanyeje?

Kipepe_wa_Magomeni:

Mkuu pole, ila hapo huna kesi. Mahali pa wazi hakuna faragha. Ukitaka mtoto asipigwe, mfungie ndani. Hata Ulaya wanapiga mitaani bila kuomba mtu.

Fundi_Kamera_Dunda:

Kipepe, nusu ya maneno yako ni kweli na ndiyo inayowaponza vijana. Katika video hiyohiyo kuna watu kama mia mbili wanapita nyuma ya mnadishaji, wengine migongo, wengine vivuli. Hao sijawalalamikia, ungemsainisha nani ukaacha nani? Mpwa wangu hakupita nyuma. Kamera ilimfuata, ikamvuta karibu, ikamfanya ndiye stori. Halafu kupiga ni jambo moja na kuchapisha na maneno ya uongo juu yake ni jingine.

Bi_Ratiba:

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mimi kazi yangu ndiyo hiyo, kutembea na faili nyuma ya kamera.

Kaka Fundi yuko sahihi kwenye zile karatasi mbili. Niongeze la sheria, kwa sababu ndilo litakalokusaidia kwa huyo kijana. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ndani yake taarifa za watoto zimewekwa kundi moja na taarifa nyeti, na taarifa nyeti zinataka ridhaa ya maandishi. Aliyetoa ridhaa anaweza pia kuiondoa. Kwa hiyo lile neno "milele" kwenye fomu yao lisikutishe. Ukigonga mwamba, kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, wanapokea malalamiko.

Lakini kabla ya huko, anza na YouTube wenyewe. Kuna fomu yao ya malalamiko ya faragha, mzazi au mlezi anaijaza kwa niaba ya mtoto. Usiandike insha. Weka linki, andika 4:12 hadi 4:23, eleza nguo na nembo ili wajue ni yupi kati ya waliomo. Kwa kawaida mwenye video hupewa saa 48 arekebishe mwenyewe kabla hawajaangalia. Wanachopima ni kama mtoto anatambulika, na hapo nembo ya shule inakubeba vizuri.

Na huyo kijana anayelilia watazamaji, mwambie halazimiki kufuta. Aingie YouTube Studio, afungue Editor, achague Blur. Linki inabaki ileile na watazamaji wake wanabaki. Ila asiishie kwenye Face blur. Aweke Custom blur juu ya sweta pia, maana ukifunika uso ukaacha nembo na sauti, mtaa mzima bado unamjua.

Mjomba_Chachandu:

Haya mambo nayajua. Mimi walinipiga kwenye harusi ya binti wa jirani nikiwa nakula, mdomo wazi, leo niko kwenye bango la ukumbi barabarani. Nani anilipe? Na hiyo droni walikuwa na kibali?

Bi_Ratiba:

Mjomba, ya droni ni mlango mwingine kabisa. La bango lina hoja nzito, maana hapo wanauza ukumbi kwa sura yako. Lifungulie uzi wake tafadhali, hapa tutapoteana.

Kijana_Lenzi:

Nisemee upande wetu sisi wa kamera. Mnadhani ni rahisi? Mwanga wa jioni ufukweni ni dakika ishirini. Nikianza kutafuta wazazi nimepoteza picha. Na watu wetu ukitoa karatasi wanakimbia, wanadhani ni mkopo. Mimi huwa natoa elfu tano na mambo yanaisha.

Fundi_Kamera_Dunda:

Mdogo wangu, hiyo elfu tano haijakununulia ridhaa. Bibi akikugeuka utaonyesha nini? Risiti?

Mimi nafanya hivi. Kama kuna mtoto kwenye mpango wangu, naenda siku moja kabla, saa nne asubuhi mnada ukiwa umepoa. Karatasi iko kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Nasema kwa sauti mimi nani, namfanyia nani kazi, video itawekwa wapi, na mtoto atasemwa nini ndani yake. Hilo la mwisho naliandika kabisa, sentensi mbili. Asiyesoma namsomea mbele ya shahidi anayemwamini yeye, siyo msaidizi wangu, kisha anaweka dole gumba na shahidi anasaini. Mtoto naye namuuliza. Akikataa, hata kama bibi kasaini, sipigi.

Kama mtoto kanijia kwenye fremu bila mpango na picha ni nzuri, napiga, halafu namfuata mkubwa wake siku ileile. Nikimkosa, picha haitoki kwenye diski yangu. Inauma, ndiyo. Ninazo picha tatu za dhahabu ambazo hakuna atakayeziona.

Bi_Ratiba:

Na fomu ziwe na namba. Ukishasainisha, mpige picha mhusika ameshika fomu yake, namba ionekane. Niliwahi kurudi na fomu 34 ndani ya bahasha, mhariri akaniuliza "huyu wa kofia nyekundu ndiye Mwanaidi yupi?" Tulikuwa na akina Mwanaidi wanne. Tulikata wote.

Mama_wa_Kaole:

Naomba kuuliza kitu nyie mnaojua. Mtoto wangu alipigwa shuleni, mwalimu mkuu ndiye aliyesaini. Na kwa huyu wa Fundi, baba na mama hawapo, bibi anahesabika?

Bi_Ratiba:

Dada, mwalimu mkuu kwangu mimi ni kama mwenyekiti wa soko, anafungua geti. Fomu za wazazi zinapitia kwa watoto, zinarudi zimesainiwa, asiyerudisha anakaa upande ambao kamera haielekei.

La bibi linanipa shida hata mimi. Anamlisha, anamsomesha, kila mtu anajua ndiye mlezi, lakini mama yuko hai na ana simu. Ninachofanya ni bibi asaini na mama anitumie sauti WhatsApp akitaja jina la mtoto na video. Kuna mwanasheria alishaniambia sauti hiyo haitoshi, mwingine akasema inatosha.

Kipepe_wa_Magomeni:

Sawa, nimekubali kwenye mtoto. Kwa watu wazima bado nabisha. Mnadishaji anapiga kelele mbele ya umati, huyo mnamsainisha nini?

Fundi_Kamera_Dunda:

Mnadishaji akiitazama kamera, akataja jina lake na kusema "nimekubali", hiyo kwangu inanitosha kwa kipindi cha soko. Kesho nikitaka kumweka kwenye tangazo la sabuni, narudi na karatasi na pesa.

Mrejesho, wakuu. Malalamiko ya YouTube yametumwa jana usiku, mama yake ndiye kayajaza akiwa Dar. Leo asubuhi kijana kapiga. Kaomba bibi asaini fomu mpya, ya Kiswahili safari hii, ila iwekwe tarehe ya siku waliyopiga ili mfadhili asiulize. Nikamfikishia bibi, alikuwa anageuza pweza kwenye karai, hata hakuinua macho. Akasema atasaini, kwa tarehe ya leo, na yale maneno ya kutokuonja darasa yakishatolewa.

Nimemtumia jibu lake. Tiki mbili za bluu, hajajibu.