Naomba ushauri: wazazi wanauliza ada WhatsApp, kisha kimya

Habari zenu wanajamvi. Naomba ushauri kwa mliowahi kutafuta wanafunzi mtandaoni.

Nashughulikia usajili wa kidato cha kwanza katika shule binafsi ya bweni hapa Tanga. Tuliweka tangazo Facebook lenye kitufe cha kufungua WhatsApp, likiwalenga watu wa miaka 30 hadi 55 wa Tanga mjini, Muheza na Pangani, kwa shilingi 10,000 kwa siku, wiki mbili. Walioandika ni 84. Wengi walituma ule ujumbe unaojiandika wenyewe mtu akibonyeza, kwa hiyo huenda hata hawakukusudia. Wengine ni watoto walioshika simu ya mama. Tukituma faili la ada, kimya. Waliofika kuchukua fomu ni 3.

Nimebadili jibu: kwanza tunauliza mtoto anasoma shule gani sasa, ndipo tunataja ada kwa awamu nne, pamoja na sauti fupi ya matroni akieleza maisha ya bwenini. Hapo mazungumzo yanaendelea, ila wengi huishia "ngoja niongee na baba yake". Kuwakumbusha kwa ujumbe wa pamoja wa WhatsApp hakusaidii, maana humfikia tu aliyehifadhi namba yetu.

Maswali yangu ni mawili. Ada ya awamu ya kwanza iandikwe kwenye tangazo lenyewe, ili asiyeimudu asibonyeze? Na huyo baba, ambaye mara nyingi yuko mbali kikazi, mnamfikiaje bila kumruka mama aliyeanza kuuliza?