Tupeane uzoefu: Mzazi anasikia sauti, lakini maneno yanampita

Mwana wa Chumbageni

Ndugu zangu, naomba tupeane uzoefu kuhusu wazee wetu ambao usikivu wao unapungua kadiri umri unavyosonga, hasa namna jambo hili linavyogusa uelewa wao wa mazungumzo. Mama yangu ana miaka 71 na anaishi hapa Tanga. Mvua ikianza kudondoka juu ya bati, yeye ndiye wa kwanza kutuambia tuanue nguo, na geti likigongwa anauliza ni nani. Kwa sababu hiyo, kwa muda mrefu hakuna aliyefikiri kwamba ana tatizo la masikio. Tuliona tu kwamba amekuwa mtu wa kutojali tunachomwambia.

Mwezi uliopita mpangaji wake wa chumba cha uani alimpigia simu kumweleza kwamba atatanguliza elfu sitini, na kilichobaki atakileta baadaye. Mama akasikia tisini. Jioni ujumbe wa fedha ulipoingia ukiwa na elfu sitini, alimwona kijana wa watu kuwa mwongo, wakarushiana maneno hadi majirani wakaingilia kati. Simu ilikuwa kwenye spika nami nilikuwa nimekaa pembeni, kwa hiyo nilisikia sitini bila shaka yoyote. Mama naye aliapa, na nilipomtazama usoni niliona kwamba hadanganyi. Tangu siku hiyo nimekuwa makini, na nimegundua kwamba saa sita kwake huweza kuwa saa tisa, na "fika" huweza kuwa "pika". Nani amepitia haya, na kwenu yalianzaje?

Fundi wa Mashine

Dada, usihangaike sana, hiyo ni nta. Mimi nimefanya kazi ya mashine ya kusaga nafaka miaka 26, masikio yakaanza kuziba, nikaenda kituo cha afya wakanisafisha kwa maji ya uvuguvugu, na siku hiyohiyo nilisikia hadi saa ya ukutani. Mpeleke mama asafishwe, utaona mabadiliko.

Mpimaji Mstaafu

Nimefanya kazi ya kupima usikivu kwa miaka mingi, na kisa cha sitini na tisini ninakijua kwa sura nyingi. Tazameni maneno hayo mawili kwa karibu. Irabu zake ni zilezile, i-i-i, zimepangwa kwa namna moja, mkazo uko mahali pamoja, na mwisho wote ni "ni". Kinachoyatenganisha ni mahali zilipokaa s na t tu. Herufi s ni mvumo mwembamba wa juu sana, na t ni mpasuko mfupi hafifu, ilhali irabu ni sauti nzito zenye nguvu. Mtu anapozeeka, sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea. Mama anapokea irabu zote kikamilifu, anajua kwamba ametajiwa kiasi cha fedha, kisha akili yake inajaza konsonanti iliyokosekana. Haimwambii kwamba imekisia. Humletea neno zima, safi, naye anakuwa na haki ya kuapa kwamba amelisikia.

Sababu iko katika sikio la ndani, kwenye kile kiungo kilichojisokota mfano wa konokono. Ndani yake zimo chembe zenye vinywele vidogo sana. Zilizo karibu na mlango hupokea sauti nyembamba, na zilizo ndani kabisa hupokea sauti nzito. Za mlangoni ndizo zinazochakaa mapema, na kwa binadamu zikishakufa hazioti tena. Ndiyo maana mvua juu ya bati inasikika, geti linasikika, lakini sauti ya mjukuu inampita, kwa kuwa sauti za watoto na za wanawake wengi ni nyembamba kuliko za wanaume.

Simu nayo inaongeza ugumu. Mfumo wa simu wa zamani ulipitisha sauti kati ya hezi 300 na 3,400 tu, hezi zikiwa kipimo cha wembamba wa sauti, na sehemu kubwa ya mvumo wa s iko juu ya hapo. Hata simu za sasa hurudi kwenye ubora huo mara nyingi, na mdomo wa msemaji hauonekani. Mwenye masikio mazima huvumilia upungufu huo, lakini mama alikuwa amepoteza sehemu ileile hata kabla ya simu kuikata.

Ndugu Fundi, nta ni kweli huziba, na ni busara sikio lichunguzwe kwanza. Hata hivyo, nta huzuia sauti kwa ujumla, na ikitolewa mtu hufunguka mara moja, kama ulivyofunguka wewe. Upungufu wa uzee huja taratibu kwa miaka, kwa kawaida masikio yote mawili kwa kiwango kinachokaribiana, na hausafishiki. Nami ningekuomba upimwe pia, kwa sababu kelele ya mashine kwa miaka 26 huharibu chembe hizohizo.

Fundi wa Mashine

Nashukuru kwa maelezo. Ni kweli kwamba saa ya ukutani naisikia, lakini kwenye vikao vya ukoo nashindwa kufuatilia. Nilidhani ni kwa sababu watu wanazungumza kwa pamoja.

Mkaza Mwana, Nakuru

Kwetu ni baba mkwe, ana miaka 78. Jambo lililotuchanganya ni kwamba tukizungumza kwa sauti ya kawaida anasema "mwanangu, sema kwa nguvu", na tukipaza sauti kidogo tu anakunja uso na kusema "mbona mnanifokea?". Mume wangu aliona kwamba baba anamtafutia ugomvi. Ninaomba kujua kama hali hii ni ya masikio au ni ya tabia.

Mpimaji Mstaafu

Ni ya masikio, dada yangu. Sikio la namna hiyo halisikii sauti hafifu, lakini sauti kubwa hulifikia kwa ukubwa uleule unaokufikia wewe, kwa hiyo nafasi kati ya "sisikii" na "inaniumiza" imekuwa finyu. Isitoshe, anayefoka huongeza nguvu kwenye irabu, ambazo baba tayari anazisikia, na konsonanti zinabaki nyuma zikiwa zimefunikwa. Mwiteni jina kwanza, msubiri ageuke, kisha mseme mkiwa mbele yake kwa umbali wa mita moja hivi, uso ukiwa kwenye mwanga, kwa mwendo wa taratibu wenye vituo. Asipoelewa mara ya pili, badilisheni maneno badala ya kurudia yaleyale.

Kijana wa Mwanza

Mimi nina miaka 34 na nadhani nami nimeanza kuzeeka masikio mapema. Juzi asubuhi niliamka sikio la kushoto halisikii kabisa, linavuma tu kama redio isiyoshika stesheni. La kulia ni zima. Je, nami nisubiri lizoee?

Mpimaji Mstaafu

Hapana, usisubiri hata kidogo. Hilo siyo jambo tunalolizungumza hapa. Sikio moja likizimika ghafla ndani ya siku moja hadi tatu ni dharura, na dawa ambazo daktari wa masikio, pua na koo huweza kuzitoa hufaa zaidi zikianza ndani ya siku chache za mwanzo. Nenda leo, na usitie mafuta wala kitu chochote ndani ya sikio.

Mwalimu wa Zamani, Unguja

Nina miaka 74, na ningependa kueleza mambo haya kutoka upande wa mwenye masikio. Sikuona kwamba sisikii. Niliona kwamba watu wameacha kutamka vizuri. Nilifundisha lugha miaka 31, nikawa nawalaumu vijana kwamba wanameza silabi, hata nikawaandikia barua watangazaji wa redio. Barazani baada ya alasiri nilikuwa nashika neno moja, nakosa mawili, nalirudia moyoni lile nililoshika ili nipate maana, na nikiipata mazungumzo yameshahamia kwingine. Kufika magharibi nilikuwa nimechoka kama mtu aliyelima. Taratibu nikaacha baraza na kusema kwamba napenda utulivu. Watoto wangu wakaamini, na mimi mwenyewe nikaamini.

Nilipopimwa, binti aliyenipima alifunika mdomo wake kwa karatasi na kunisomea maneno ili niyarudie. "Mbuzi" na "gari" nilizipata. "Shati" niliirudia "kati", na "fisi" niliirudia "kisu". Alipoondoa karatasi akasoma maneno hayohayo kwa sauti ileile, niliyapata karibu yote. Hapo ndipo nilipojua kwamba kwa miaka kadhaa nilikuwa nasikiliza kwa macho.

Sasa navaa shimesikio, yaani vifaa vya kusaidia kusikia, pande zote mbili. Wiki ya kwanza nilitaka kuvirudisha vifaa vile, kwa sababu mfuko wa plastiki ulikuwa unapasua kichwa na vijiko vinagongana kama nyundo. Binti yule aliniambia nivivae kila siku, nianze na saa chache ndani ya nyumba tulivu, kwa kuwa ubongo ulikuwa umesahau sauti hizo na unahitaji wiki kadhaa kuzizoea. Ilikuwa kweli. Jasho na unyevu wa huku pwani ni adui mkubwa, na usiku naviweka kwenye kopo lenye chembe za kukausha unyevu. Hata hivyo sitaki kuwadanganya: harusini, muziki ukiwa unapigwa, bado sielewi mtu aliye mbali zaidi ya mita mbili.

Mkaza Mwana, Nakuru

Shikamoo Mwalimu, na asante sana. Kuna jambo moja bado linanitatiza. Baba akiulizwa tulichozungumza asubuhi hukumbuka nusu tu, na shemeji yangu anasema ni maradhi ya usahaulifu.

Mwalimu wa Zamani, Unguja

Marahaba, binti yangu. Kwangu mimi nilichodhaniwa kukisahau, kingi sikuwahi kukisikia.

Mpimaji Mstaafu

Inawezekana, lakini nisingetaka tuishie hapo. Tafiti zinaonyesha kwamba upungufu wa usikivu na maradhi ya usahaulifu huandamana mara nyingi, ingawa bado haijathibitika ni kwa kiasi gani shimesikio huzuia maradhi hayo. Baba apimwe yote mawili, na kipimo cha kumbukumbu kifanywe kwa namna atakayoisikia au kuisoma, vinginevyo atahesabiwa amesahau swali ambalo halikumfikia.

Mwana wa Chumbageni

Nimerudi na majibu. Mama alichunguzwa sikio, nta ilikuwa kidogo na haikuziba. Kwenye sauti nzito za hezi 250 anasikia kuanzia desibeli 20, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, jambo ambalo si baya. Kwenye hezi 2,000 anahitaji desibeli 45, na kwenye 4,000 anahitaji 65, masikio yote mawili karibu sawa. Mstari kwenye karatasi yake unashuka kama mteremko. Mtaalamu amependekeza vifaa, lakini mama amekataa kwa sasa. Anasema bei ni kubwa na yeye si kiziwi. Jirani ametuletea kikuza sauti cha bei nafuu kutoka sokoni, na kwa kweli kinakuza feni na televisheni sawasawa na maneno yetu, kwa hiyo tumekiweka kando.

Wakati tukiendelea kumsihi, tumekubaliana nyumbani jinsi ya kutaja hesabu. Jana mpangaji alipiga tena, nami nilikuwa nimeshamweleza. Akasema, "Mama, ninatuma elfu sitini, yaani hamsini na kumi." Mama akarudia, "Hamsini na kumi," akaitikia vyema, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama siku ile kijana alikuwa amesema sitini kweli. Nikamjibu ndiyo. Akachukua simu, akampigia yeye mwenyewe.